Mbuzi Aliyebaki Ndani ya Kitenzi

Darasa la tano, insha yangu ya Kiswahili ilirudi na wino mwekundu. Nilikuwa nimeandika, "Nilifika sokoni nikaona yeye." Mwalimu alipiga mstari chini ya "nikaona yeye" na juu yake akaandika "nikamwona", halafu pembeni, kwa herufi kubwa, akaandika LUGHA YA MAMA. Maana yake ni kwamba Gĩkũyũ ndicho kilichoniharibia Kiswahili. Niliamini hivyo kwa miaka mingi, kwa sababu mtoto wa Karatina huambiwa hivyo kuhusu kila kosa, kuanzia "r" na "l" hadi kupika chai bila tangawizi.

Nilikuja kugundua kwamba mwalimu alikosea kuhusu chanzo cha lile kosa. Kulirekebisha alirekebisha sawa. Nilipoanza kutafuta chanzo chenyewe nilijikuta nimerudi nyuma miaka elfu kadhaa, mpaka kwenye swali ambalo wanaisimu hawajalimaliza hadi leo: je, mababu wa lugha zetu za Kibantu walisema "nimenunua mbuzi" kama sisi, au walisema "mbuzi nimenunua"?

Niseme mapema kwamba sina digrii. Chuo niliachana nacho mwaka wa pili, karo ilipokataa kabisa, na sasa naishi kwa kuandika vibarua vya mtandaoni nikiwa chumba cha nyuma cha nyumba ya cũcũ, nje kidogo ya mji. Lakini zile noti za isimu historia sikuzitupa. Na cũcũ, ambaye ameuza viazi na maharagwe soko la Karatina tangu kabla mama hajazaliwa, hunipa mifano bila kujua.

Tuanze na mfano wa shule. "Nimenunua mbuzi." Nani amenunua? Mimi, na hiyo ni nafsi, kiima. Nimefanya nini? Kununua, kitenzi. Nimenunua nini? Mbuzi, ambaye shuleni tulimwita shamirisho. Mpangilio ni kitenzi kwanza, shamirisho baadaye. Gĩkũyũ ni hivyo hivyo: *Nĩndagũra mbũri*. Kiganda, Kizulu, Kilingala ni hivyo hivyo. Karibu familia nzima, kutoka Kamerun mpaka Afrika Kusini, jina la kitu kinachotendwa hufuata kitenzi.

Sasa mwondoe mbuzi umweke kiwakilishi. "Nimemnunua." Yule -m- ameenda wapi? Ameruka kitenzi akakaa mbele ya mzizi -nunua. Gĩkũyũ nacho hufanya vilevile: *Nĩndamĩgũra*, ambapo *mĩ* ndiye mbuzi na *gũra* ndiko kununua. Jina linakaa nyuma ya kitenzi, kiwakilishi kinakaa mbele ya mzizi. Tumezoea hivyo tangu tukiwa wachanga, kwa hivyo hatuoni ajabu. Lakini fikiria nyumba ambayo mgeni hupokelewa mlango wa mbele, na mtu huyohuyo akija usiku lazima aingilie dirishani. Utauliza kwani hapa kulitokea nini.

Mwaka 1971 mwanaisimu Talmy Givón alitoa jibu ambalo bado linagombaniwa. Alitazama maneno ya Kibantu kama mchimbaji wa mambo ya kale anavyotazama tabaka za udongo. Hoja yake ilikuwa kwamba vipande vinavyoganda ndani ya neno leo vilikuwa zamani maneno huru yaliyosimama peke yake, na yaliganda kwa mpangilio uleule yaliokuwa nao yakiwa huru. Kwa hivyo kama kiwakilishi cha shamirisho kimeganda mbele ya mzizi, basi wakati wa kuganda, shamirisho lilikuwa likitangulia kitenzi. Baadaye majina yalihamia nyuma ya kitenzi. Viwakilishi, kwa kuwa vilikuwa vimeshikamana tayari, havikuweza kuhama. Yule -m- ni kisukuku.

Hilo la maneno huru kuganda si ndoto, na unaweza kulipima mwenyewe kwa Kiswahili cha leo. Chukua "atanunua". Ile -ta- ya wakati ujao inatokana na kitenzi "taka". Zamani ilikuwa "ataka kununua", maneno mawili, la kwanza likiwa kitenzi kamili na la pili likiwa jina la tendo. Wasikilizaji walisikia sentensi hiyo mara nyingi mno mahali ambapo kutaka na kuja kufanya ni kitu kimoja, mpaka wengine wakaanza kuisikia kama habari ya wakati, si ya hamu. Sauti ni ileile, mgawanyo kichwani umebadilika. Wanaisimu huita jambo hili uchanganuzi upya. Hakuna aliyebuni kitu, ni kwamba mtoto aligawa kwa namna yake sentensi ambayo mzazi aliigawa kwa namna nyingine, na kwa muda mrefu hakuna aliyegundua tofauti. Likishasikika hivyo, neno la kwanza linakuwa jepesi, linamomonyoka, linajishikiza kwa la pili.

Na ushahidi umebaki mezani. Kwa nini tunasema "atakula" na si "atala"? Ile ku- ndiyo ku- ya "kula" kutoka "ataka kula". Kwenye vitenzi virefu ilianguka, tukapata "atanunua". Kwenye vitenzi vya silabi moja ilibaki, kwa sababu mkazo wa Kiswahili hukaa silabi ya pili kutoka mwisho na -ta- haiwezi kuubeba. Ukitia shamirisho, ku- inaondoka: "ndizi, atazila". Sasa -zi- ipo na inaweza kubeba mkazo, kwa hivyo ku- haina kazi tena.

Tazama pia mahali ambapo -zi- imekaa. Rudisha sentensi kwa umbo la zamani: "ataka kuzila". Kiwakilishi hakikuwa upande wa "taka". Kilikuwa tayari kimeshikamana na mzizi -la, ndani ya jina la tendo, kabla -ta- haijazaliwa. Gĩkũyũ ni vilevile, *kũmĩgũra*, kumnunua. Kwa hivyo kukaa kwa kiwakilishi mbele ya mzizi ni jambo la kale kuliko nyakati nyingi tunazotumia leo. Ni tabaka la chini kabisa la ule udongo wa Givón.

Basi tuseme ni kweli, shamirisho lilitangulia. Lilihama vipi? Lugha haibadilishi mpangilio wake kwa kura. Mwaka 1975 kilitoka kitabu kuhusu mpangilio wa maneno na mabadiliko yake, kilichohaririwa na Charles Li, na ndani yake Givón na Larry Hyman walishughulikia swali hilihili kwa lugha za Niger-Kongo, familia kubwa ambayo Kibantu ni tawi lake. Givón alikazia vitenzi vinavyofuatana katika sentensi moja. Hyman alikazia kitu ambacho mimi nakisikia kila siku jikoni: nyongeza ya baadaye.

Jumamosi moja cũcũ alirudi kutoka sokoni, akavua leso, akakaa. Nilikuwa nimeinamia simu.

"*Nĩndamĩgũra*," akasema. Nimemnunua.

Mimi kimya. Akanitazama, akaona sijui anazungumzia nini.

"*Mbũri ĩyo*," akaongeza. Mbuzi yule.

Alikuwa ananiambia juu ya beberu wa jirani ambaye amemtolea macho tangu Krismasi. Kichwani mwake mbuzi alikuwa anajulikana, kwa hivyo alimtaja kwa kiwakilishi tu. Alipoona uso wangu ni mtupu, akaongeza jina mwishoni, baada ya kupumua. *Nĩndamĩgũra, mbũri ĩyo.* Hiyo ndiyo nyongeza ya baadaye. Hata katika lugha ambayo kanuni yake ni shamirisho kwanza, watu husahau, husitasita, hugundua msikilizaji amepotea, na jina hutupwa nyuma ya kitenzi. Hyman alisema hilo likizidi kutokea, siku moja pumzi ile ya katikati inapotea, na kilichokuwa nyongeza kinakuwa mahali pa kawaida pa shamirisho.

Tunajuaje kwamba pumzi inaweza kupotea? Hapa Gĩkũyũ na Kiswahili vikiwekwa ubavu kwa ubavu vinaonyesha hatua mbili za safari moja. Katika Gĩkũyũ, kiwakilishi na jina lake haviruhusiwi kukaa pamoja ndani ya sentensi moja bila kituo. Wanaokieleza kisarufi, kama John Mugane katika kitabu chake cha 1997, wanaonyesha kwamba ukitia *mĩ* ndani ya kitenzi, *mbũri* lazima aondoke au asimame nje. Nilimjaribu cũcũ. Nikasema "*Nĩndamĩgũra mbũri*" mfululizo bila kupumua. Akacheka akauliza kama nimekunywa.

Kiswahili je? "Nimemwona Wanjiru." Hapo -m- yupo na Wanjiru yupo, hakuna kituo, na hakuna anayecheka. Tena kwa binadamu, ukiacha -m- ndiyo utasikika vibaya: "nimeona Wanjiru" mwalimu ataikata. Kwa vyovyote vile, sentensi ya namna hiyo wakati fulani ilisikika kama vipande viwili, "nimemwona, Wanjiru", kiwakilishi halafu nyongeza. Kituo kikafifia. Watoto waliosikia bila kituo wakaigawa upya: Wanjiru si nyongeza tena, ndiye shamirisho lenyewe, na -m- si kiwakilishi tena, ni alama tu ya kukubaliana, kama a- inavyokubaliana na kiima. Givón alieleza njia hii pia, katika makala ya 1976. Kwa hivyo ile hatua ambayo Hyman anaihitaji kwa zamani za kale, ya nyongeza kugeuka shamirisho, Kiswahili kimeipiga mbele ya macho yetu. Tofauti ni kwamba Kiswahili kilikuwa na majina nyuma ya kitenzi tayari, kwa hivyo mpangilio haukubadilika. Ni hadhi ya lile jina ndiyo iliyobadilika. Mfano unaonyesha kwamba gari linaweza kwenda. Hauonyeshi kwamba lilienda hiyo safari.

Kuna jambo jingine linalosukuma majina nyuma, nalo ni habari yenyewe, yaani kipi msikilizaji anakijua na kipi hakijui. Gĩkũyũ ni kizuri mno kwa kulionyesha hili kwa sababu kina kile kijineno *nĩ* ambacho wageni hukimbia. Ukimuuliza mtu sokoni "*Ũkũgũra kĩĩ?*", unanunua nini, atakujibu "*Ngũgũra mbũri*", bila *nĩ*. Kununua tunakujua tayari, habari mpya ni mbuzi, na mbuzi amekaa nyuma ya kitenzi, mahali penye uzito. Lakini akisema "*Nĩngũgũra mbũri*", na *nĩ* mbele ya kitenzi, habari si mbuzi peke yake tena, ni kwamba ununuzi unafanyika. Na akitaka kukazia kabisa, ni mbuzi bwana si kondoo, atasema "*Nĩ mbũri ngũgũra*". Jina limekuja mbele, lakini limelipia kwa kubeba *nĩ*.

Ukikaa na mifano hii utaona mgawanyo. Nyuma ya kitenzi, bila gharama yoyote, ni mahali pa jambo jipya. Ndani ya kitenzi, mbele ya mzizi, ni mahali pa jambo ambalo wote wawili tunalijua, kwa sababu kiwakilishi ni nini kama si kitu kinachojulikana? Huwezi kusema "nimemnunua" kwa mtu asiyejua unamsema nani, na cũcũ alinithibitishia hilo siku ile.

Mimi naona hapa ndipo fumbo la mlango na dirisha linapofunguka. Tuseme palikuwa na lugha yenye shamirisho mbele, na wasemaji wake wakaanza kutupa mambo mapya nyuma ya kitenzi, kwanza kwa kusahau, baadaye kwa makusudi. Majina hubeba mambo mapya mara kwa mara, kwa hivyo majina yatahama mengi. Viwakilishi havibebi jambo jipya hata siku moja, tena ni vifupi, vinaegemea. Vitabaki mbele, na kwa kubaki vitaganda. Huhitaji sababu mbili tofauti. Sababu ileile iliyowahamisha wenye majina ndiyo iliyowaacha wenye viwakilishi.

Lakini maelezo hayohayo yanaweza kumgeuka Givón, na si haki nilifiche. Kama viwakilishi vina sababu yao ya kupenda mbele, basi huenda majina hayakuwahi kuwa mbele hata kidogo. Huenda tangu mwanzo majina yalikaa nyuma na viwakilishi mbele, na kisukuku si kisukuku cha mpangilio wa zamani, ni tabia ya viwakilishi tu. Wapinzani wa Givón husema hivi. Kifaransa mara nyingi huitwa shahidi: jina hufuata kitenzi, kiwakilishi hutangulia, na Kilatini, mama yake, kweli kilipenda kitenzi mwishoni. Inamfaa Givón. Ila viwakilishi vya Kilatini navyo vilikuwa na mienendo yao ya kuzurura ndani ya sentensi, kwa hivyo shahidi huyu ukimuuliza maswali zaidi anaanza kukohoa. Na kwetu hakuna maandishi ya kuamua. Anayetaka kujua Kiingereza kilivyohamisha shamirisho anaweza kufungua hati za karne kwa karne na kuhesabu. Lugha iliyozaa Kibantu ilizungumzwa pande za mpaka wa Kamerun na Nigeria miaka kama 4000 hadi 5000 iliyopita, na haikuacha hata mstari mmoja. Tunasoma vitenzi vyenyewe.

Majirani husaidia kidogo. Afrika Magharibi, lugha kama Kibambara huweka kiima, halafu alama ya wakati, halafu shamirisho, halafu kitenzi. Ukilazimisha Kiswahili kifuate utapata kitu kama "mimi nime mbuzi nunua". Kiijo cha delta ya Niger huweka kitenzi mwisho kabisa. Kiewe hutanguliza kitenzi kwa kawaida, lakini ukisema jambo linaloendelea, shamirisho huruka mbele ya kitenzi, kwa sababu kitenzi hapo kimegeuzwa jina la tendo. Wengine, kama Ulrike Claudi, wametumia jambo hilo kusema kinyume: kwamba shamirisho kutangulia ndiko kulikozaliwa baadaye, kwa uchanganuzi upya wa sentensi za namna ya "yuko katika ununuzi wa mbuzi", kwa lugha ambazo mwenyewe hutangulia kitu chake. Gari lilelile, barabara ileile, linaelekea upande wa pili.

Na ndani ya Kibantu chenyewe kuna mmoja aliyekataa kufuata wenzake. Kitunen, kinachozungumzwa Kamerun pande za Ndikiniméki, huweka jina la shamirisho kati ya alama ya wakati na kitenzi. Maarten Mous alikieleza miaka ya 1990, na Elisabeth Kerr amekichunguza upya miaka ya karibuni akauliza swali la maana: je, jina hukaa mbele kwa sababu ya kukazia jambo fulani? Jibu lake ni kwamba hapana, huo ndio mpangilio wa kawaida, hata pasipo na mkazo wowote. Basi Kitunen ni babu aliyebaki nyumbani akitunza mila, au ni kijana aliyeiga jirani? Kila upande unamdai. Mimi nikilazimishwa kuchagua, nadhani mfumo wa kale ulikuwa na nafasi katikati, baada ya alama ya wakati na kabla ya kitenzi, ambayo viwakilishi viliitumia daima na majina yaliitumia mara kwa mara. Sina la kuweka mezani zaidi ya hayo niliyoeleza.

Kuhusu kukutana kwa lugha, wengi hukimbilia huko kwanza kwa sababu ni rahisi kueleweka: fulani alikaa na fulani akamwiga. Wakati mwingine ni kweli. Kiamhari cha Ethiopia ni cha jamii ya Kisemiti, ndugu wa mbali wa Kiarabu, lakini huweka kitenzi mwisho kama majirani zake Wakushi, na wataalamu wengi wanakubaliana kwamba ndiko alikojifunza. Upande wa pili, kutoka shamirisho mbele kwenda nyuma, mfano wetu wa karibu ni Wambugu wa milima ya Usambara, Tanzania. Wana usemi wao ambao maneno yake mengi ni ya Kikushi, lakini sarufi yake ni ya Kibantu, ya Kipare na Kishambaa. Katika Kiiraqw cha Mbulu, ambacho ni Kikushi cha kusini, shamirisho linaweza kufungiwa kati ya kijineno kinachobeba nafsi na kitenzi chenyewe. Katika usemi wa Wambugu hakuna kitu hicho, shamirisho hufuata kitenzi kama kwa Mshambaa yeyote.

Ungesema basi kukutana kumehamisha shamirisho. Sarah Thomason na Terrence Kaufman, mwaka 1988, waliona hivyo: lugha ya Kikushi iliyobadilishwa kidogo kidogo mpaka sarufi yote ikawa ya Kibantu. Lakini Mous, katika kitabu chake cha 2003, anaeleza vingine, kwamba Wambugu walihamia lugha ya Kibantu kabisa, kisha wakaijaza maneno ya asili yao ili wabaki watu tofauti. Kama ni hivyo, hakuna shamirisho lililohama. Watu ndio waliohama, kutoka lugha moja kwenda nyingine, wakabeba maneno mgongoni. Namna ya kutambua ni kuangalia kama kuna hatua za katikati, masalio ya mpangilio wa zamani yaliyokwama hapa na pale kama -m- yetu. Badiliko la polepole huacha uchafu. Kwa Wambugu, sarufi ya Kibantu ni nzima mno. Ndiyo maana namwamini Mous.

Hapo sasa naweza kurudi kwa wino mwekundu.

"Nikaona yeye." Kama lingekuwa kosa la Gĩkũyũ, lingepaswa kufanana na Gĩkũyũ. Lakini Gĩkũyũ kinasema *ngĩmuona*, na *mũ* mbele ya mzizi kama Kiswahili sanifu kilivyo. Lugha yangu ya mama ilikuwa ikinifundisha jibu sahihi, mwalimu akailaumu kwa jibu baya. Ile "nikaona yeye" imetoka kwingine. Imetoka kwa Kiswahili cha bara, kile kilichokuzwa mashambani, kambini na majikoni wakati wa walowezi, pale ambapo mzungu na mfanyakazi wote wawili waliazima lugha isiyokuwa yao. Kisetla, kama kilivyoitwa. Kilikuwa na hadhi ya kutosha hata kikaandikiwa vitabu: mwaka 1936 F. H. Le Breton alitoa mwongozo wa Kiswahili cha bara, akiwalenga wanajeshi, walowezi, wachimba madini, wafanyabiashara na wake zao. Mtu mzima anayejifunza lugha haraka, kwa kusikiliza amri, hawezi kuchambua vipande vilivyoganda ndani ya neno. Anashika maneno yanayosimama peke yake. "Mimi", "wewe", "yeye" yanasimama. -m- haisimami. Kwa hivyo -m- ilianguka na "yeye" akaenda kukaa pale ambapo majina yote hukaa, nyuma ya kitenzi.

Ukiniuliza, hapo ndipo badiliko letu lilipokamilika. Kama Givón yuko sahihi, majina yalihama kwanza, na viwakilishi vikabaki vimeganda kwa maelfu ya miaka. Kisetla kiliyeyusha barafu hiyo katika vizazi viwili au vitatu, na sasa hata kiwakilishi kiko nyuma. Na huku hakukuwa na kuigana kwa mpangilio, maana Gĩkũyũ kina kiwakilishi mbele na Kiswahili cha pwani nacho kina kiwakilishi mbele. Lugha mbili zinazokubaliana zilikutana kupitia watu waliokuwa na haraka, na kikazaliwa kitu ambacho hakuna hata moja iliyokuwa nacho. Ndiyo maana husita ninaposikia mtu akisema lugha fulani ilibadilika kwa sababu jirani yake alikuwa hivyo. Uliza kwanza ni nani waliokuwa wakijifunza, wakiwa na umri gani, na wakijifunza kutoka kwa nani.

Lile beberu la cũcũ, kwa taarifa, lilikuja Jumatatu likiwa kwenye buti ya probox. Dereva, kijana wa Sagana ambaye haongei Gĩkũyũ vizuri, alishuka akauliza aliweke wapi. Cũcũ, ambaye Kiswahili chake alikiokota kwenye shamba la kahawa la mlowezi akiwa msichana, akanyoosha kidole nyuma ya jiko.

"Funga yeye huko," akasema. Kisha akanigeukia, akashusha sauti kwa Gĩkũyũ, na kiwakilishi kikarudi mbele ya mzizi kana kwamba hakijawahi kutoka: "*Thiĩ ũmuonie.*" Nenda umwonyeshe.